Dokta yupo?

Nilikuwa juu ya ngazi napima ukuta wa duka la shemeji la dawa za mifugo na mazao, hapa Tukuyu, ili nijue bango litakuwa na upana gani. Chini akaja mzee mmoja amebeba kidumu, akamsalimia binti wa kaunta, akauliza, "Dokta yupo?" Binti akamjibu, "Shikamoo babu, hayupo, ameenda kuhudumia ng'ombe, labda jioni." Mzee akaitikia marahaba, akasema basi nitarudi, akageuza. Hakutaja hata alichofuata.

Dawa zilikuwepo, rafu nzima imejaa, na hela bila shaka alikuwa nayo mfukoni.

Sasa mimi kazi yangu ni mabango, stika, logo, vitu hivyo, na nilikuwa nimeshachora kichwa cha ng'ombe na jani la mhindi kama agroveti zote mnazozijua, na chini nimeweka "bei nafuu kuliko wote" kwa sababu ndivyo wateja wangu wengi wanavyotaka. Ila huyu mzee alinikaa kichwani wiki kadhaa aisee. Kama mtu anaacha dawa aliyoifuata na anarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mtu mmoja hayupo, basi lile duka halina brendi. Mwenye brendi ni shemeji, duka ni chumba tu anachokaa.

Na shemeji hawezi kukaa dukani siku nzima, ana ng'ombe wa watu wa kutibu.

## Chupa mbili nyeupe

Nilianza kukaa pale kaunta kila nikipata nafasi, nasingizia bado napima. Nikataka kujua hao watu wanamtaka Dokta kwa kitu gani hasa. (Sio daktari kwa maana ya digrii, kasoma LITA, chuo cha mifugo, ana stashahada ya afya ya mifugo, ila huku kila anayeshika sindano ya ng'ombe ni Dokta na hakuna atakayemwita vingine.)

Siku moja akaja mama mmoja analalamika kuwa dawa ya minyoo aliyonunua ni feki. Ng'ombe wake kanyweshwa, wiki zimepita, nywele bado zimesimama, anaharisha vilevile, maziwa hayapandi. Alikuwa na chupa yenyewe kwenye mfuko wa rambo. Shemeji hakubisha wala hakuomba radhi, akauliza tu, "Mama, ulimpa kiasi gani?"

"Kama siku zote. Mililita 20."

Akaishika chupa, akamuonyesha maandishi madogo pembeni. Asilimia 2.5.

Hapo nikapata darasa ambalo sikulitegemea. Dawa ya minyoo inayoitwa albendazoli inauzwa ikiwa maji meupe kama maziwa, na madukani utakuta ya asilimia 10 na ya asilimia 2.5. Kwa macho ni kitu kilekile, rangi moja, na chupa mara nyingi zinafanana. Ila ya asilimia 10 kila mililita ina miligramu 100 za dawa, na ya 2.5 kila mililita ina miligramu 25. Tofauti ni mara nne. Yule mama zamani alikuwa anatumia ya 10, safari hii alinunua duka lingine kwa sababu bei ilikuwa chini, akapewa ya 2.5, na hakuna mtu aliyemwambia kuwa hesabu imebadilika.

Kipimo cha ng'ombe kwa minyoo ya kawaida ya tumbo ni miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mwili. Ng'ombe wake walikuja kumpima wakakuta ana kilo kama 300. Kwa hiyo alihitaji miligramu 2,250, yaani mililita 22.5 za ile ya asilimia 10, au mililita 90 za ile ya 2.5. Yeye alimpa 20 za ile ya 2.5, ambazo ni miligramu 500. Haifiki hata robo.

Dawa haikuwa feki hata kidogo.

Lakini ukirudi kijijini kwake utakuta majirani wote wanajua kuwa duka fulani linauza dawa feki. Jina la lile duka limeshachafuka kwa kosa la kipimo, na mwenye duka pengine mpaka leo hajui.

Kibaya zaidi ni kwamba dozi ndogo haiishii kwenye kutoponya. Inaua minyoo dhaifu na kuwaacha wale wanaohimili dawa, hao ndio wanaozaa, na ukirudia hivyo misimu kadhaa siku utakayotoa kipimo sahihi nacho hakifanyi kazi. Hapo kila duka litaonekana linauza feki.

## Bei ya chupa na bei ya ng'ombe

Hili ndilo lililonifanya nifute yale maneno ya bei nafuu kwenye mchoro wangu.

Tuseme chupa ya mililita 100 ya asilimia 2.5 ni shilingi 3,000, na ya asilimia 10 ni shilingi 8,000 (bei zinabadilika, chukua kama mfano tu). Mkulima akisimama kaunta anaona 3,000 na 8,000, anachukua ya 3,000, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Ila kwa ng'ombe wa kilo 300 chupa ya kwanza inatosha ng'ombe mmoja na zinabaki mililita 10 tu. Chupa ya pili inatosha ng'ombe wanne na inabaki kidogo. Ukigawanya, kwa ile ya bei chee analipa kama 2,700 kwa ng'ombe mmoja, na kwa ile ya gharama analipa 1,800.

Yaani duka linaloonekana ghali ndilo linalouza kwa bei ndogo, ila haliwezi kusema hivyo bila kujua uzito wa ng'ombe.

Nikamwambia shemeji, tuache kuandika bei ya chupa kwenye rafu, tuandike bei ya kumnywesha ng'ombe wa kilo 300. Akacheka kwanza. Halafu akanyamaza, akasema mwenye mbuzi watatu atafanyaje, hana haja na mililita 100 za asilimia 10, na ukimpa hiyo ndiyo hatari zaidi maana mbuzi wa kilo 20 anahitaji mililita moja tu ya dawa hiyo, sasa atapimaje mililita moja kwa kifuniko? Kwa mwenye mbuzi ile ya 2.5 ndiyo sahihi, mililita 4, inapimika kwa sirinji. Kumbe hakuna chupa mbaya, kuna chupa iliyoenda kwa mnyama asiye wake. Tukakubaliana rafu ziwe na vibandiko viwili, ya ng'ombe na ya mbuzi na kondoo, na bei kwa kichwa kwenye kila kimoja.

Kuna vidonge pia, vile vikubwa vya miligramu 2,500 kwa ng'ombe. Kimoja kinamtosha ng'ombe wa kilo 300 na kidogo, huna haja ya kupima kitu. Kwa mtu mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa bandani, binafsi naona hicho ndicho cha kumpa kwanza.

## Kamba

Haya, uzito. Nani ana mizani ya ng'ombe?

Kuna utepe maalumu unaouzungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, unasoma kilo moja kwa moja. Shemeji anao mmoja na hauazimishi kwa mtu. Wengine wanatumia utepe wa fundi cherehani, ila ule unaishia sentimita 150 na ng'ombe mkubwa anaupita. Alichokuwa anafanya shemeji muda mrefu, na hakuona kama ni kitu cha maana, ni kumwambia mkulima aende na kamba ya katani, amzungushe ng'ombe kifuani akiwa amesimama sawasawa, afunge fundo, kisha apime urefu kuanzia begani mpaka kwenye mfupa wa makalio, afunge fundo la pili, alete kamba dukani.

Dukani wanaipima kamba. Mzunguko unazidishwa kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu unagawanya kwa 10,840, unapata kilo. Yule ng'ombe wa mama alikuwa na mzunguko wa sentimita 160 na urefu wa 127. Piga kwenye kikokotoo cha simu, inakuja 300 kasoro kidogo. Ni makadirio, sio mizani, na ng'ombe mwenye mimba kubwa au aliyetoka kushiba atakudanganya kidogo, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukadiria kwa macho. Wafugaji waliokuwa wanataja kilo bila kupima walikuwa wanakosea sana, na nilivyoona mimi wengi walikuwa wanashusha, ng'ombe wa 300 anaitwa wa 200.

Nikamuuliza binti wa kaunta, wewe unaweza kupima kamba? Akanijibu kama namdharau, "Kaka, kamba nani asiyejua kupima?"

Basi hapo ndipo kitu kilipogeuka kwangu. Sehemu kubwa ya kile ambacho watu wanamfuata Dokta ilikuwa ni hesabu, na hesabu binti anaiweza. Alichokosa ni ruhusa ya kuitoa na mahali pa kuiandika.

## Kadi

Tukatengeneza kadi, nusu ya karatasi ya daftari, jina la duka juu kwa herufi ndogo tu. Binti anauliza maswali yaleyale kwa kila mtu bila kuruka. Mnyama gani, ana kilo ngapi, ana mimba na ya muda gani, anakamuliwa, mara ya mwisho alipewa nini na lini. Kisha anaandika kiasi kwa mililita, na anachora mstari kwenye sirinji ya plastiki ya mililita 20 isiyo na sindano, ile inakwenda na dawa bure. Vifuniko tumepiga marufuku kabisa. Kifuniko cha chupa moja sio sawa na cha nyingine, na watu walikuwa wanahifadhi kifuniko kimoja cha zamani wanakitumia kupimia dawa zote.

Pesa niliyopanga itumike kwenye fulana za promosheni ikaenda kwenye sirinji. Stika ya duka ipo upande wa nyuma, isije ikafunika namba. Fulana mtu anavaa akienda shambani, sirinji anaishika siku anayonywesha dawa, na kwa duka hili siku hiyo ndiyo inayoamua kama atarudi.

Swali la mimba shemeji alilisisitiza sana. Albendazoli haitakiwi mwanzoni mwa mimba, lebo nyingi zinasema mwezi wa kwanza na nyingine zinafika siku 45, kwa sababu inaweza kuharibu kijusi. Mkulima aliyepandisha ng'ombe wiki mbili zilizopita akija kununua dawa ya minyoo anaambiwa subiri. Yaani duka linakataa hela. Nilimuona binti akifanya hivyo kwa mara ya kwanza, mkulima akanuna kweli, akasema "dawa si yangu na ng'ombe si wangu?" Binti akamwandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi, na akaondoka nayo.

Swali la maziwa nalo lina uzito wake huku kwetu, maana watu wanapeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia. Dawa, hasa antibayotiki, zinabaki kwenye maziwa kwa siku ambazo lebo inazitaja, na maziwa hayo yakichanganywa na ya wengine hata mtindi unakataa kuganda, achilia mbali afya ya mnywaji. Kwa hiyo kadi ina mstari wa "usiuze maziwa mpaka tarehe", na inaandikwa tarehe kamili, sio idadi ya siku. Ukimwachia mtu ahesabu mwenyewe atahesabu kwa faida yake, hata mimi ningefanya hivyo.

## Wasiwasi wa kwanza: si wanachukua ushauri wanakwenda kununua kwa jirani?

Hili lilinisumbua kuliko yote na bado linanisumbua kidogo.

Unampa mtu dakika kumi, unampimia kamba, unamwandikia kadi, halafu anapiga picha na simu anavuka barabara kununua pale ambapo ni rahisi kwa shilingi 500. Lilitokea, sio nadharia. Mimi nikasema tuwatoze ushauri. Shemeji akakataa, akasema ukimtoza mtu kuuliza ataacha kuuliza na atakadiria, na hasara itarudi hapahapa.

Ila yeye aliona hatari ambayo mimi sikuiona. Alisema, wazia kadi yetu imeandika mililita 90 kwa sababu tulihesabu kwa ile ya 2.5. Mtu anavuka barabara, anapewa chupa ya asilimia 10, anarudi nyumbani anafuata kadi yetu vizuri kabisa. Amempa ng'ombe miligramu 9,000. Ni mara nne ya kipimo, na kama ana mimba changa ndio umemaliza. Na kadi ina jina letu.

Nikabaki mdomo wazi.

Kwa hiyo kadi ikabadilishwa. Asilimia ya dawa inaandikwa kubwa kuliko kitu kingine chochote, na chini yake namba ya toleo na tarehe ya kuisha, zimenakiliwa kutoka kwenye chupa ileile inayotoka kaunta. Kisha mstari mmoja: "Kipimo hiki ni cha chupa hii tu." Mtu ambaye hajanunua haandikiwi mililita, anaandikiwa kilo za mnyama wake, na hizo ni zake aende nazo popote. Sikulipanga hili kama mbinu ya biashara, lakini imekuwa hivyo, maana ukifika kwa jirani na karatasi ya kilo na jirani hajui afanye nini nazo, unarudi.

Ile namba ya toleo imesaidia jambo lingine. Mtu akija na lalamiko la dawa feki, hakuna ugomvi. Wanafungua kadi na daftari, wanaangalia ni chupa ipi, asilimia ipi, alinywesha kiasi gani, ng'ombe alipimwa au alikadiriwa, na kama vyote viko sawa ndipo wanaanza kuishuku dawa. Hapo shemeji anashauri sampuli ya kinyesi ipelekwe maabara siku 10 hadi 14 baada ya kunywesha, ionekane kama mayai ya minyoo bado yapo. Na kuna lingine, ng'ombe anayekula majani ya mabondeni anaweza kuwa na minyoo bapa ya ini, na hiyo inataka miligramu 10 kwa kilo, yaani mililita 30 za asilimia 10 kwa yule wa kilo 300, na hata hivyo inaua waliokomaa tu. Ukimpa kipimo cha tumbo utasema dawa haifanyi kazi, na utakuwa sahihi kwa nusu.

## Wasiwasi wa pili: binti sio Dokta

Kweli sio. Kamaliza kidato cha nne, ana akili sana, lakini hawezi kupewa kila kitu.

Tulichofanya ni kuandika nyuma ya kaunta orodha ya yale asiyoyajibu. Mnyama aliyeacha kula. Mnyama mwenye homa. Sindano yoyote. Antibayotiki bila maelekezo ya mtaalamu. Chochote ambacho mkulima anaeleza na yeye hajakielewa. Kwa hayo anapiga simu palepale mbele ya mteja, anaweka spika, mkulima anamsikia Dokta mwenyewe. Na kama simu haipatikani anasema haipatikani, dawa haitoki.

Nilidhani hilo litawakimbiza watu. Baadhi wamekimbia, siwezi kusema uongo, kuna wanaotaka sindano ya oksitetrasaiklini tu na wataipata mahali. Lakini kukataa kwake kumeyapa uzito yale anayoyakubali. Wakulima wameshajua kuwa akiandika ameandika kitu anachokijua. Wapo sasa wanaofika na kamba mkononi, hawamuulizi Dokta kabisa, wanaenda moja kwa moja kwa binti. Kuna wanaoliita duka la kamba, na mimi mtu wa mabango nakiri kuwa sijawahi kubuni jina zuri hivyo.

## Bango

Kichwa cha ng'ombe nimekitoa, mhindi nimeutoa. Bango lina jina la duka, namba ya simu, na sentensi moja kubwa: "Njoo na kamba ya mnyama wako." Wapita njia wasiofuga wanashangaa, na shemeji anapenda wakishangaa kwa sababu wanauliza.

Upande wa kulia nimeacha nafasi tupu, nao ni wa viuatilifu vya mazao. Huko hatujafika. Lebo moja inasema kiasi kwa hekta, nyingine kwa lita 20 za maji, na mkulima ana bomba la mgongoni la lita 16, na mwingine wa lita 15, na kila mmoja anatembea kwa kasi yake shambani kwa hiyo hata ukimpa mililita sahihi kwa bomba, hujui ekari moja atamaliza mabomba mangapi. Shemeji anataka kila mkulima ajaribu kwanza na maji matupu kwenye kipande alichokipima, ahesabu lita, ndipo aandikiwe kadi. Mimi nimemwambia hakuna atakayekubali kupulizia maji matupu kwenye viazi. Yeye anasema na kamba nilisema hivyohivyo.